Nyumba ya Mama Atusaye, Jiko la Dominika

Ukimwuliza mtu wa Sumbawanga wa miaka ile habari za Atuganile, atakuambia alikuwa fundi cherehani, mwanamke wa Tukuyu, mshonaji wa sare za shule. Kweli tupu. Mimi niliyemjua zaidi nitakuambia alikuwa mtu asiyetulia. Hata akiwa kwenye cherehani yake barazani kwa duka la ushirika, mguu mmoja ukikanyaga, ule mwingine ulikuwa unataka kwenda mahali. Angeacha mkono wa shati nusu, ainuke, atazame barabara, arudi, ashone upana wa vidole viwili, ainuke tena. Nilimwambia siku moja kwamba ananichosha. Akanijibu kwamba mwenye kwake ndiye anayekaa, yeye hana kwake.

Mimi ni Eustaki. Nilikuwa karani wa mahakama ya wilaya, na pia mkalimani, kwa sababu wazee wetu wengi walikuwa wakifika mbele ya hakimu Kiswahili kinawakauka mdomoni na kubaki Kifipa peke yake. Nasema hili mapema ili msije mkadhani nasimulia ya kusikia. Katika jambo hili nina mkono wangu, na mkono wenyewe haukuwa safi.

Atuganile alifika mwaka 1974, mji ulipofanywa makao makuu ya mkoa mpya. Siku zile kila lori kutoka Mbeya lilishusha watumishi, wafanyabiashara na mafundi, na vyumba vikawa adimu kuliko sukari. Alikuja na cherehani, godoro na binti yake Atusaye wa miaka kumi, ndiyo maana wote tukamwita Mama Atusaye. Alikuwa mjane. Mumewe alipokufa, mashemeji walimpa siku saba za matanga na siku moja ya kufunga mizigo. Nyumba aliyoishi miaka kumi na miwili ilibaki kwa ndugu wa marehemu, naye akatoka na harufu ya moshi nguoni tu. Hakupenda kulisimulia hilo. Akilisimulia, alisimulia akiwa amesimama.

Kwetu akahama mara nne kwa miaka miwili. Mwenye nyumba wa kwanza aliletewa mpwa. Wa pili alipandisha kodi. Wa tatu alimtaka yeye mwenyewe, akakataliwa, akakumbuka ghafla kwamba chumba kinahitaji ukarabati. Wa nne alimwambia mashine inamkosesha mtoto usingizi. Kila mara Atuganile alibeba godoro kichwani mchana kweupe, na Atusaye nyuma akikumbatia kichwa cha cherehani kama mtoto mchanga. Alikuwa akiweka akiba senti kwa senti. Alichotaka duniani ni mlango ambao hakuna mtu angeweza kumwambia autoke, basi.

Juni ya mwaka 1976 akaupata, au alidhani ameupata. Fundi seremala mmoja wa Majengo, Kasimiri, alikuwa anauza nyumba: vyumba vinne vya matofali, bati juu, jiko la udongo nyuma. Ilikuwa na barua ya ardhi, jina ni la Kasimiri peke yake. Kasimiri alimwambia kwamba ni mgane, mke wake amefariki yapata miaka miwili, na kwamba nyumba inamtia ukiwa, anataka kwenda Kirando kuanza biashara ya dagaa. Alisema hayo ameshika kofia kifuani. Atuganile, mjane, akamwonea huruma.

Mnajua wenyewe mwezi wa Juni kwetu ulivyo. Ulezi umeshavunwa, upepo wa baridi unapasua midomo, na wanawake wengi wa huku uwandani juu huteremka bondeni, Milepa na Kaoze, kuvuna mpunga kwa jamaa zao na kulipwa kwa mpunga. Wanakaa huko wiki tatu, mwezi. Nyumba nyingi mjini zinabaki na mwanamume mmoja anayekula viazi vya kuchoma na kulalamika. Mgeni wa Mbeya akiingia nyumba ya namna hiyo, akakuta hakuna mwanamke, hawezi kujua kama mke amekufa au amekwenda Milepa. Kasimiri alilijua hilo, akauchagua mwezi wake vizuri.

Wakaandikiana mbele ya balozi wa nyumba kumi, mzee Adriano. Adriano akatia dole gumba na muhuri. Hati ikapelekwa ofisi ya ardhi, ikarudi na jina la Atuganile. Kasimiri akapanda lori la Kirando siku ya tatu, na vitendea kazi vyake vyote vya useremala, na, kama tulivyokuja kujua, na mwanamke kijana wa huko huko ziwani.

Nilikwenda kumpongeza. Nilimkuta amekaa. Naapa, kwa mara ya kwanza nilimkuta amekaa kwenye kigoda, mikono mapajani, anautazama ukuta mtupu na kucheka mwenyewe.

Kukaa kwenyewe kulidumu siku kumi na sita.

Siku ya kumi na saba, jua likiwa utosini, akatokea mtu njiani: mama wa miaka hamsini na kitu, mwembamba, miguu myeupe kwa vumbi la mteremko, gunia la mpunga kichwani. Alikuwa Dominika, mke wa Kasimiri, wa ndoa ya kanisani, ndoa ya miaka ishirini na tisa. Alitembea siku mbili kutoka Milepa. Akakuta cherehani barazani kwake, na mtoto asiyemjua anaanika nguo kwenye kamba yake.

Majirani wanasema hakupiga kelele. Aliuliza kwa Kiswahili chake cha shida mtu huyu ni nani. Atuganile, kana kwamba ni mgeni wa Kasimiri, alimwamkia shikamoo, akamwambia mwenye nyumba wa zamani ameshahama, nyumba ameinunua yeye. Dominika akauliza kama Kasimiri alisema amekwenda wapi, na alisemaje kuhusu mkewe. Atuganile akamwambia: alisema amefariki. Hapo Dominika akatua gunia, akazunguka nyuma, akaingia jikoni, akawasha moto. Hakutoka tena.

Basi wakakaa hivyo, mmoja nyumba kubwa, mwingine jikoni, Julai nzima na Agosti. Atuganile akarudia kutokukaa. Alikuwa hapiti uani bila kuona moshi wa mwenzake, na hapiki kwa amani, kwa maana jiko lilikuwa na mwenyewe. Alinunua jiko la mkaa akapikia barazani kwenye upepo. Usiku alikuwa anasikia kikohozi cha Dominika kupitia ukuta wa udongo. Akaanza kukonda, na sare zake zikaanza kutoka na mishono iliyopinda.

Agosti mwishoni akaja ofisini kwangu. Akasema anataka mahakama imtoe yule mama. Alisema ana hati, ana muhuri, alilipa bei halali, na hakuambiwa na mtu yeyote kwamba kuna mke. Alisema, "Ndugu Karani, mimi nimeshatolewa nyumba moja. Sitatolewa ya pili."

Nikamfungulia Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, maana nilikuwa na kiburi cha kuijua. Nikamweleza kwamba nyumba wanayoishi mume na mke, hata ikiwa kwa jina la mmoja, huyo mmoja haruhusiwi kuiuza, kuigawa, kuipangisha wala kuiweka rehani bila ridhaa ya mwenzake, maadamu ndoa ipo. Akiiuza bila ridhaa, mnunuzi huipata nyumba pamoja na haki ya yule mwenza kuendelea kukaa ndani yake, mpaka ndoa ivunjwe au mahakama iseme vingine. Uso wake ulibadilika rangi. Nikaendelea haraka: lakini mnunuzi aliyelipa thamani, asiyejua, na ambaye hata kwa uangalifu wa kawaida asingeweza kujua, huyo sheria inamlinda. Kila kitu, nikamwambia, kinasimama hapo. Si kama uliambiwa tu. Ni kama ungeweza kujua.

Nikamwuliza kama aliona dalili yoyote ya mke. Akatazama dirishani, akasema hapana. Nikaandika hati ya madai kwa mkono wangu: *mdai hakujua, na hakuwa na njia ya kujua.* Nikamfundisha pia atakavyojibu. Nilimwambia ajibu kwa kifupi, asiongeze neno, watu wanashindwa kesi kwa kuongeza maneno. Alikuwa amenishonea suruali mbili bila malipo. Ndiyo, niseme tu. Mfipa mimi, nikimsaidia mtu wa Tukuyu kumtoa mama wa Kifipa jikoni kwake, na nilikwenda kusali Jumapili kama kawaida.

Kesi ilisikilizwa Novemba, mvua za kwanza zikigonga bati hata hakimu akawa analazimika kupaza sauti. Alikuwa mtu wa Songea, mfupi, mwenye subira. Kasimiri naye alikuwa ameunganishwa katika kesi, akapelekewa wito Kirando. Wito ukarudi umesainiwa, mwenyewe hakurudi. Tulisikia kwamba pesa zimeshageuka mtumbwi na nyavu.

Atuganile alitoa ushahidi wake kama nilivyomfundisha. Hati hii hapa. Muhuri huu hapa. Sikuambiwa. Akashuka. Mikono ilikuwa inacheza na ncha ya kitenge, ila maneno yalikuwa manyoofu.

Kisha akaja shahidi wake, balozi Adriano, na hapo kesi ikachukua sura ambayo hata mimi sikuitegemea. Hakimu alimwuliza kama alimfahamu mke wa Kasimiri. Alimfahamu, ni jirani yake wa miaka mingi. Alijua yu hai? Alijua yuko Milepa. Sasa kwa nini alitia muhuri? Mzee Adriano akakuna kichwa akasema kwamba hakuna aliyemwuliza habari za mke. Hakimu akamwuliza: na kama mdai angekuuliza?

Adriano alikuwa mlevi lakini hakuwa mwongo wa kiapo. Akasema, "Mheshimiwa, Kasimiri alileta debe la pombe nyumbani. Akaniambia, huyu mama akiuliza, sema mke alikufa. Angeuliza, ningesema alikufa."

Watu wakacheka na hakimu akawanyamazisha. Mimi sikucheka, nilikuwa nafanya hesabu. Tulikuwa tumeshinda. Balozi ndiye mtu ambaye mnunuzi mwangalifu angemwuliza, na balozi ameapa kwamba angedanganya. Basi hata angeuliza, asingejua. Nilimtazama Atuganile kumwonesha kwa macho kwamba mambo ni mazuri. Alikuwa amekaa kwenye benchi, na mguu unatikisika sakafuni, tak, tak, tak.

Ikaja zamu ya Dominika. Alisema kidogo. Kwamba aliolewa, kwamba matofali ya nyumba ile aliyafyatua yeye na mumewe kiangazi cha mwaka fulani, kwamba hakuulizwa. Hakimu akamwambia kuwa anayo ruhusa ya kuongeza. Dominika akafikiri, akasema kwa Kifipa kwamba hana la kuongeza, ila ana swali moja kwa yule mama, kama hakimu ataruhusu arudi pale aliposimama. Hakimu akaruhusu. Atuganile akaitwa tena.

Dominika akauliza, na swali likapitia kwangu. Nataka mjue kwamba mkalimani anaweza kuua kesi au kuifufua kwa neno moja, na mimi wakati ule suruali zile mbili zilikuwa akilini mwangu. Ningeweza kulizungusha swali likatoka butu. Sijui ni nini kilinizuia. Labda ni kwamba Dominika alikuwa ananitazama, na umri wake ni wa mama yangu. Nikalitafsiri lilivyo.

"Anauliza: ulipokuja kuitazama nyumba, uliingia jikoni kwangu?"

Atuganile akanitazama. Niliona anaelewa kwamba jibu fupi lipo, la hapana, au la ndiyo bila nyongeza. Yote mawili nilikuwa nimemfundisha.

Akasema, "Niliingia."

Angeweza kuishia hapo. Hakimu alikuwa ameshaanza kuandika. Dominika hakuwa na swali lingine. Lakini Atuganile hakushuka. Alishika ukingo wa kizimba, akaanza kusema, na mvua ilikuwa imepungua kwa hiyo kila mtu alisikia.

Alisema Kasimiri alikuwa mbele anamwonesha bati, naye akapita nyuma peke yake. Jikoni juu ya meko kulikuwa kumetundikwa vibuyu vitatu vya mbegu, vimezibwa midomo kwa samadi ya ng'ombe na majivu kama wanavyoziba wanawake wote, kwao na kwetu. Samadi ilikuwa mbichi bado, rangi yake haijapauka, haina hata ufa. Ulezi wa mwaka ule ndio kwanza ulikuwa umevunwa. Na mtu aliyekufa miaka miwili hazibi mbegu ya mwaka huu.

Hakimu akaacha kuandika. Akamwuliza kama hakufikiri kwamba labda Kasimiri mwenyewe aliziba.

"Nilitaka kufikiri hivyo, Mheshimiwa. Palikuwa na alama za vidole kwenye samadi. Kasimiri ana vidole vya seremala, nene. Nikatia kidole changu kwenye alama." Akamalizia, "Kikaingia sawasawa. Nikajua kuna mwanamke. Nikatoka nje nikamwambia Kasimiri nyumba nimeipenda."

Akaulizwa kwa nini hakuuliza. Akasema kwa sababu angejibiwa.

Nilikasirika mno. Nawaambia ukweli, niliminya kalamu mpaka wino ukanichafua. Kesi iliyoshinda, mtu anaishika kwa mikono yake anaivunja, tena bila kuulizwa! Baada ya mahakama kuahirishwa nilimfuata koridoni nikamwambia maneno mabaya. Nilimwambia kwamba ukweli wake hautamlalisha mtoto wake penye ukavu. Hakunijibu kwa hasira. Alisema tu kwamba yule mama alipouliza, yeye alimwona shemeji yake mkubwa, siku ile ya Tukuyu, akiwa amesimama mlangoni na funguo, akijifanya hajui kwamba ndani kuna mtu. Akasema kwamba hakutaka kuwa na uso ule. Kisha akaondoka, kwa mwendo wake wa haraka haraka, hata mwavuli akausahau.

Hukumu ilisomwa Desemba. Hakimu alisema mambo waziwazi na mimi nikayatafsiri upande wa pili. Kwamba Kasimiri aliuza bila ridhaa ya mkewe, kinyume cha sheria. Kwamba mdai alilipa thamani halali, na hakuambiwa, na mahakama inamwonea huruma. Lakini mtu hawezi kufumba macho halafu akadai hakuona. Aliyeona alama na akaogopa kuuliza amehesabiwa kuwa anajua. Kwamba ushahidi wa balozi kuwa angedanganya ungemsaidia mtu asiyejua, na mdai alikuwa ameshajua kabla ya kufika kwa balozi. Kwa hiyo nyumba ni ya Atuganile kwa hati, lakini Dominika ana haki ya kuendelea kukaa humo, na haki hiyo inakwenda mbele ya ile ya mnunuzi mpaka ndoa yake ivunjwe au mahakama iamue vingine. Mdai ampishe katika siku thelathini. Fedha zake amdai Kasimiri.

Amdai Kasimiri yupi? Mtu yuko kwenye mtumbwi.

Wapo waliomshauri vibaya. Balozi Adriano huyo huyo, hana haya, alimwambia aende kwa Dominika amshawishi adai talaka. Ndoa ikivunjwa tu, haki ya kukaa inaisha na nyumba inakuwa huru. Wengine walisema amfuate Kasimiri, yeye ndiye adai hiyo talaka. Najua Atuganile alilifikiria, kwa sababu alinijia kuuliza utaratibu, na nikamweleza kwamba lazima kwanza waende baraza la usuluhishi. Alisikiliza mpaka mwisho. Akasema Dominika ni Mkatoliki wa kufunga Kwaresima nzima, na yeye hana moyo wa kumwomba mtu avunje ndoa yake ili yeye apate dirisha. Hakulizungumza tena.

Akahamia chumba cha tano. Kilikuwa nyuma ya kinu cha kusaga, bati limetoboka, sakafu ya udongo. Masika yale yalikuwa makali. Nilipita siku moja nikamkuta amesimamisha cherehani juu ya matofali na wanalala yeye na Atusaye upande mmoja wa chumba, upande wa pili ukiwa bwawa. Alikuwa anashona amevaa koti. Hati ya nyumba ya vyumba vinne ilikuwa ndani ya mfuko wa nailoni, imetundikwa msumarini isilowe. Niliona aibu kumtazama. Ningeweza kusema nilimwambia, na sikusema.

Februari kinu kikauzwa, na mnunuzi wake alitaka chumba cha nyuma kwa magunia. Siku kumi na nne.

Asubuhi ya siku iliyofuata niliwaona wawili wanaingia ofisini kwangu pamoja. Dominika mbele, Atuganile nyuma hatua tatu, kama mtu aliyeletwa polisi. Nikafikiri wamegombana. Dominika aliketi bila kukaribishwa. Akaniambia kwa Kifipa kwamba jana jioni huyu mama alikuja kwake, akasimama uani kwenye mvua, akakataa kuingia barazani, akamwuliza jambo.

Nikamwuliza Atuganile alimwuliza nini. Alikuwa anatazama sakafu.

"Nilimwuliza kama anakubali," akasema. "Vyumba viwili vya mbele. Nikamwambia akikataa nitaondoka na sitarudi kuuliza tena."

Dominika alikuwa amelielewa hilo bila mimi. Akaniuliza kama hukumu ya hakimu inamzuia yeye kumweka mtu ndani ya nyumba anayokaa. Nikamwambia hukumu inampa haki ya kukaa, haimkatazi kumkaribisha amtakaye. Akataka nichukue karatasi. Nilichukua. Alisema niandike kwamba vyumba viwili vya mbele atakaa Mama Atusaye na mtoto wake, kwamba jiko ni lake yeye Dominika na vibuyu visiguswe, kwamba yeye akifa au akiondoka kwa hiari, nyumba yote ni ya mwenye hati. Niliandika. Nikamwuliza, kwa sababu ya udadisi wangu na si ya kazi, kama amemsamehe.

Akanitazama kama mtu aliyeulizwa ujinga. Alisema yeye hajamsamehe Kasimiri, na hana haraka. Kuhusu huyu mama, bado hajui, ataona watakavyoishi. Kisha akasema jambo moja, na safari hii alilisema kwa Kiswahili, polepole, ili Atuganile asilisikie kupitia kwangu.

"Miaka ishirini na tisa nimekaa nyumba ile. Iliuzwa, ikasajiliwa, ikapigwa muhuri. Ni wewe wa kwanza kuja kuniuliza."

Atuganile alianza kulia, bila sauti. Nikamsogezea kiti. Akakaa.

Dominika akachovya kidole gumba kwenye wino, akaniomba nimwoneshe mahali pa kutia.